Alama za unga: chapa ghali inaposhinda kimakosa

"Nimewauliza wateja wanaamini nini kuhusu kila sifa ya unga, nikazidisha alama hizo za imani kwa umuhimu wa sifa, na chapa ghali ya sembe imeshinda ilhali wateja wanalalamikia bei. Nimekosea wapi?"

Ndugu yangu, anza na safu ya bei. Nadhani uliandika "bei" tu, hivyo unga ghali ukapata alama kubwa. Andika "unafuu wa bei", ili kila alama kubwa imaanishe kitu kizuri.

Tuseme pointi 10 za umuhimu zimegawanywa hivi: ulaini 5, unafuu 3, kupatikana dukani 2. Chapa A wateja wameipa 8, 4 na 6. Chapa B 6, 9 na 7.

A: 5×8 + 3×4 + 2×6 = 64
B: 5×6 + 3×9 + 2×7 = 71

B inaongoza. Ungeandika bei ghafi, A ikapata 9 na B 4, matokeo yangekuwa 79 kwa 56, kinyume kabisa.

Ila hapo umepima imani tu. Mtazamo una pia hisia na nia ya kutenda. Mama aliyekua akila unga wa A anaweza kuinunua hata B ikiwa na 71, kwa hiyo mwulize pia: "Unaupenda kiasi gani? Mfuko ujao utachukua upi?"