Spika nane za honi kwenye laini ya volti 70

"Kamati inauliza kwa nini tununue amplifaya ya volti 70 na ya kawaida tunayo. Niwaandikie nini?"

Ndugu, waandikie hivi:

"Wanakamati wapendwa, honi zetu 8 ni za omu 8 kila moja. Tukiziunga zote sambamba kwenye amplifaya tuliyonayo, mzigo unashuka hadi omu 1, nayo itajizima au kuungua. Hata ikihimili, honi zote ziko mwisho wa waya wa mita 100. Waya huo wa milimita 1.5 za mraba una omu 2.3, kwenda na kurudi, hivyo zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ingepotelea humo. Kwa volti 70, kila honi hupitia transfoma yake, hivyo mkondo kwenye waya ni mdogo. Tukizipanga wati 15 kila moja, jumla ni wati 120, na waya uleule unakula kama asilimia 5 tu. Amplifaya ya wati 150 inatosha. Honi inayoelekea kwa majirani tunaishusha sauti peke yake."

Kabla ya kuwasha, fungua kila honi uone transfoma ipo. Moja isiyo nayo itataka wati 600, na laini nzima itanyamaza.