Nguzo zinamtangulia msimulizi

"Kwenye video yangu, chati ya nguzo ya uandikishaji shule za msingi Kenya inamaliza kukua kabla sauti haijataja idadi. Nipunguze kasi yote?"

Usipunguze yote, ndugu. Rekodi sauti kwanza, kisha weka alama pale msimulizi anapotamka "2003". Nguzo ianze kukua hapo, ifike kileleni anapomaliza "milioni 7.2", halafu itulie sekunde mbili watu waisome.

Kuna mwenzetu aliyeshauri uongeze kimya kwenye sauti; amepatia nusu: kimya kinafaa baada ya namba, si kabla.

Na mhimili uanzie sifuri, tafadhali. Ukianzia milioni 5, nguzo hiyo itaonekana zaidi ya mara mbili ya ile ya 2002, iliyokuwa milioni 5.9, wakati ongezeko ni kama asilimia 22.