Mboga Inapungua Uzito, Kalori Zinabaki: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Spinachi na Kabichi

Nimepima spinachi mbichi gramu 500, nikaipika bila maji wala mafuta, ikabaki gramu 340. Niandike kalori za gramu 500 au za gramu 340? (Msomaji, Morogoro)

Andika za gramu 500, kwa sababu gramu 160 zilizoondoka ni maji, na maji hayana kalori. Katika kila gramu 100 za spinachi mbichi, takriban gramu 91 ni maji matupu. Gramu chache zinazobaki ndizo zenye protini, wanga, nyuzinyuzi, mafuta kidogo sana na madini, na kalori zote 23 za zile gramu 100 zinatoka humo. Jani bichi husimama imara kwa sababu seli zake zimejaa maji na kati yake kuna nafasi zenye hewa. Joto likishaharibu utando wa seli, maji huvuja na hewa hutoka, ndipo majani yaliyokuwa yakisukuma kifuniko cha sufuria hulala chini yakawa fungu dogo. Maji hayo hupaa na mvuke, lakini protini na wanga havipai navyo.

Gramu zako 500 zilikuwa na kalori 115 zilipoingia sufuriani, na zilipotoka zikiwa gramu 340 zilikuwa na kalori zilezile 115. Kilichobadilika ni kwamba sasa zimebanana, kiasi cha kalori 34 katika kila gramu 100. Ukichukua uzito uliopikwa, yaani gramu 340, ukauzidisha kwa namba ya mboga mbichi, utapata kalori 78 na utakuwa umejipunja kalori 37. Kwa spinachi peke yake hilo si kosa kubwa, na sipendi mtu akose usingizi kwa ajili yake. Linakuwa kubwa mboga inapokuwa na mafuta, kama tutakavyoona kwenye kabichi.

Kwenye simu yangu, "Spinach, raw" ina kalori 23 kwa gramu 100, na "Spinach, cooked, boiled, drained, without salt" nayo ina kalori 23. Kama maji yanatoka, mbona namba ni ileile? (Msomaji, Nairobi)

Maelezo hayo yanayotokea kwenye simu yametoka katika hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo programu nyingi za kuhesabu kalori huitumia, na maneno yaliyo baada ya koma ndiyo yanayobeba jibu lako. Mstari wa pili unahusu spinachi iliyochemshwa katika maji mengi kisha ikachujwa. Majani ya namna hiyo yamelainika na kupoteza ujazo, lakini yametoka sufuriani yameloa: ukiyapima utakuta bado yana takriban gramu 91 za maji katika kila gramu 100, sawa kabisa na mabichi. Pia sehemu ndogo ya sukari na madini yake imebaki katika maji yaliyomwagwa. Kabichi inafanana na hiyo: mbichi ina kalori 25 kwa gramu 100, na iliyochemshwa na kuchujwa ina 23.

Basi namba ya "boiled, drained" ni sahihi kwa mboga iliyochemshwa na kuchujwa tu. Sisi wengi hatupiki hivyo. Tunaikausha mboga katika maji yake yenyewe, au tunaikaanga na kitunguu hadi sufuria ilie kwa ukavu, na mboga ya namna hiyo ina maji machache kuliko ile iliyoelezwa kwenye simu, kwa hiyo gramu 100 zake zina kalori nyingi zaidi. Njia rahisi ya kujua uko upande gani ni kutazama chini ya sufuria unapoepua. Kama kuna maji ya kumwaga, na unayamwaga, uzito uliopikwa unaweza kuutumia pamoja na namba ya mboga iliyochemshwa. Kama pamekauka, rudi kwenye uzito wa mboga mbichi na mstari wa "raw". Usichanganye kamwe uzito wa hatua moja na namba ya hatua nyingine, kwa kuwa makosa mengi ninayoletewa yanaanzia hapo.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam. Mboga yenye majani makubwa na mabua mapana meupe, ambayo masokoni kwetu huuzwa kwa jina la spinachi, mara nyingi ni ndugu wa bitiruti, na katika programu inaitwa "Chard, swiss, raw". Ina kalori 19 kwa gramu 100. Tofauti ni ndogo, lakini ukitaka kuandika mboga uliyonunua hasa, huo ndio mstari wake.

Kabeji naipika sufuria moja ya nyumba nzima, lakini anayehesabu kalori ni mimi peke yangu. Nitajuaje yangu ilikuwa kiasi gani ikiwa mbichi? (Msomaji, Mombasa)

Unahitaji mizani ya jikoni na uzito wa sufuria ikiwa tupu, ambao utaupima mara moja tu na kuuandika mahali usipopotea. Tuchukue sufuria ya gramu 610. Bandua majani ya nje ya kabeji, toa kigogo cha katikati, katakata, kisha pima. Tuseme umepata gramu 800, ambazo ni kalori 200. Umeongeza kitunguu gramu 100, kalori 40. Nyanya gramu 150, kalori 27. Karoti gramu 100, kalori 41. Na mafuta ya kupikia vijiko vikubwa vitatu, takriban gramu 42, ambavyo peke yake vina kalori kama 370. Vyote kwa pamoja ni gramu 1,192 na kalori 678.

Ukishaepua, weka kitambaa kikavu juu ya mizani ili joto lisiiharibu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha pima sufuria pamoja na chakula. Ikisoma gramu 1,420, ondoa gramu 610 za sufuria, na chakula chako ni gramu 810. Karibu gramu 380 zimepaa na mvuke, lakini kalori bado ni 678. Sasa weka sahani yako juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri na upakue. Ukipakua gramu 270, umechukua theluthi moja ya sufuria, kwa hiyo andika theluthi moja ya kila kilichoingia: kabeji mbichi gramu 267, mafuta gramu 14, na vinginevyo vivyo hivyo. Jumla yako ni kalori 226.

Linganisha hapo na mtu anayetazama sahani hiyohiyo, akaandika "kabeji gramu 270" kwa namba ya kabeji mbichi. Atapata kalori 68. Kilichompotea zaidi si kabeji, ni mafuta, ambayo ni zaidi ya nusu ya kalori za sufuria nzima na ambayo hayapungui hata tone kwa mvuke. Ndiyo maana ninasisitiza kijiko cha mafuta kipimwe kwa uangalifu uleule, au zaidi. Chupa inayomiminwa kwa macho inaweza kutoa vijiko viwili au vitano, na hakuna usahihi wa kupima majani utakaofidia hilo.

Kama programu yako inakuruhusu kuhifadhi pishi, ingiza viungo vyote vikiwa vibichi, kisha palipoandikwa idadi ya watu wa kula andika 810, yaani uzito wa chakula kilichoiva. Kila gramu itahesabika kama sehemu moja, nawe utakuwa unaandika tu gramu ulizopakua. Lakini ile 810 ni ya siku hiyo. Kesho ukiacha kifuniko wazi muda mrefu zaidi, au kabeji ikiwa changa na yenye maji mengi, sufuria itatoka na uzito mwingine, na itabidi upime tena.

Nipime kabla ya kuosha au baada? (Msomaji, Dodoma)

Chambua kwanza, tupa mabua usiyoyala, pima, ndipo uoshe. Majani ya spinachi yana mikunjo inayoshika maji ya kuoshea, na mizani itayahesabu kama mboga. Wauzaji wengi pia hunyunyizia mafungu yao maji ili yasinyauke, basi kung'uta fungu vizuri na litandaze juu ya kitambaa kwa dakika chache kabla ya kupima. Kabichi haisumbui hivyo, mradi uioshe ikiwa nzima na uiache ichuruzike.

Mchana ninakula kwa mama ntilie, na ninachokiona ni kabichi iliyokwisha kuiva. Nifanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tumia sufuria ya nyumbani kwako kuwa kipimo. Katika mfano wa Mombasa, gramu 150 za kabichi iliyoiva zina kalori kama 125. Tazama chini ya sahani: mafuta yakitengana na mboga na kutuama pembeni, aliyepika ametumia mengi zaidi. Ukidhani ametumia mara mbili ya yale ya mfano wetu, gramu hizohizo 150 zinafika kalori 185 hivi. Mimi huandika kiwango cha juu, kwa kuwa mafuta yaliyokwisha kunywewa na kabichi hayaonekani yote kwa jicho.

Sina mizani. Je, vikombe havitoshi? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa majani vikombe hupotosha kuliko kipimo kingine chochote. Kikombe kimoja cha spinachi mbichi huhesabiwa kuwa gramu 30 na kalori 7, ilhali kikombe hichohicho cha spinachi iliyochemshwa na kuchujwa ni gramu 180 na kalori 41. Mtu akiandika vikombe viwili bila kusema vya hatua gani, tofauti ni karibu mara sita. Tena kikombe cha majani mabichi hutegemea umeyashindilia kiasi gani.

Heri utumie mizani ya dukani. Nunua kabichi nzima panapopimwa kwa kilo na uuandike uzito huo, kisha ondoa moja ya tano kwa ajili ya kigogo na majani ya nje, ili kabichi ya kilo moja uihesabu kuwa gramu 800. Mafuta yapime kwa kijiko kimoja ambacho hubadilishi. Chakula kikiiva, kipakue chote kwa upawa mmoja huku ukihesabu. Zikitoka pawa tisa nawe umepata tatu, andika theluthi moja ya kabichi mbichi na theluthi moja ya mafuta.