Kuhamisha video kati ya simu mbili bila intaneti

"Nina video ya kilimo cha parachichi ya megabaiti 700, nimtumieje shemeji hapa Tukuyu bila bando, Bluetooth au Wi-Fi Direct?"

Tumia Wi-Fi Direct, ndugu yangu, yaani simu mbili kuungana moja kwa moja kwa Wi-Fi bila intaneti. Bluetooth kwa kawaida hupitisha takribani megabaiti 0.2 kwa sekunde, hivyo utasubiri karibu saa nzima, ilhali Wi-Fi Direct, hata ikipitisha megabaiti 4 tu kwa sekunde, huimaliza kwa dakika tatu hivi.

Aliyesema kwamba Quick Share, programu ya simu za Android ya kutumiana mafaili kwa njia hii, ni Bluetooth kwa sababu huomba Bluetooth iwashwe amepatia nusu: Bluetooth huzitambulisha simu, kisha faili lenyewe hupita kwenye Wi-Fi, kwa hiyo washa zote mbili. Nilipomtumia mama mdogo pale Uyole faili la ukubwa kama huo, asilimia ilipanda moja kila nusu dakika, nikajua imebaki kwenye Bluetooth. Nikasitisha, nikawasha Wi-Fi ya simu yake, nikaanza upya, ikaisha kabla chai haijapoa.

Dada aliyeuliza kuhusu video alizopakua ndani ya YouTube, hizo hubaki ndani ya programu hiyo na haziwezi kutumwa kwa njia yoyote kati ya hizi.