Mombasa hadi Maskati kwa jahazi

Swali: Jahazi likitoka Mombasa mwisho wa Machi, litafika Maskati baada ya siku ngapi?

— Njia ni kama maili za bahari 2,100. Upepo wa kusi ukishakaa, jahazi lenye shehena hushika wastani wa maili 4 kwa saa, 96 kwa siku: siku 22. Lakini mwisho wa Machi ni tangambili. Kaskazi imelegea, kusi haijashika, tanga linapigapiga mlingoti tu. Ongeza wiki, au ngoja katikati ya Aprili.

— Basi Juni, kusi ikiwa kali, si litafika upesi zaidi?

— Labda, ila kuanzia Ras Hafun, pwani ya Somalia, bahari huchafuka vibaya. Manahodha wa zamani miezi hiyo walikaa bandarini.