Maswali na Majibu: Kazi Umekabidhi, Nani Kasema Imepokelewa?

Nimepata kazi ya manukuu ya video 12 kwa mteja wa ng'ambo. Hati ya kazi inasema nitalipwa "mteja akiridhika na kazi". Nisaini?

Bado. Sentensi hiyo imempa mteja ufunguo wa kabati lenye hela zako, na hakuna mahali palipoandikwa lini atalifungua. Anaweza kuridhika kesho, anaweza kuridhika mwakani, na akikaa kimya huna pa kumshika.

Anza na vitu vya kukabidhi. "Manukuu ya Kiswahili" haitoshi. Andika: faili 12 za `.srt`, moja kwa kila video, kila nukuu isizidi mistari miwili, kila mstari usizidi herufi 42. Hivyo ni vitu ambavyo mtu wa tatu, asiyewajua ninyi wawili, anaweza kuvihesabu na kuvipima. Kisha sema mteja atakupa nini na lini, maana video zikichelewa kufika, tarehe zako nazo zisogee.

Halafu badilisha lile neno "kuridhika". Omba maneno ya namna hii: "Mteja atakagua ndani ya siku 10 za kazi tangu kukabidhiwa. Akikataa, ataeleza kwa maandishi, yote kwa mkupuo mmoja, ni masharti yapi hayakutimizwa. Asipojibu ndani ya muda huo, kazi itahesabiwa imekubaliwa." Sentensi ya mwisho ndiyo inayolisha familia. Ile ya katikati inamzuia kukuletea kasoro moja Jumatatu, nyingine Alhamisi, huku saa ikianza upya kila mara. Ongeza kwamba marudio ya bure ni mawili, na kwamba kitu kipya ambacho hakikuwamo kwenye hati kina bei yake na tarehe yake.

Kampuni kubwa nyingine hazikubali kimya chao kihesabiwe idhini. Hapo wape siku 15 badala ya 10. Wakigoma kabisa, angalau hati imtaje mkaguzi kwa cheo, na mtu wa kushika nafasi yake akiondoka.

Sasa hesabu. Ukikabidhi Jumatatu tarehe 2 Machi, siku 10 za kazi zinaishia tarehe 16, kama hakuna sikukuu kwao. Mkataba ukisema malipo ni siku 30 baada ya ankara, na ankara haitumwi kabla kazi haijakubaliwa, hela zinatazamiwa tarehe 15 Aprili. Hapo hakuna aliyekukosea. Ndiyo maana video 12 zisiwe hatua moja ya malipo: ziwe tatu za video nne nne, kila moja na ukaguzi wake na ankara yake. Na kama kuna mkataba mama, ule wa jumla unaosimama juu ya hati ya kazi, soma unasema nini hati mbili zikigongana. Mara nyingi mkubwa ndio unaoshinda, na sentensi yako nzuri inabaki pambo.

Vitu vya kukabidhi na hatua za malipo si kitu kile kile?

Nimeshalijibu hili mara sita. Cha kukabidhi ni faili. Hatua ni tukio linalofungua malipo. Faili tano zinaweza kuwa hatua moja.

Nusu ya malipo yangu italipwa siku tovuti itakapozinduliwa. Ni sawa?

Uzinduzi si kazi yako, kwa hiyo usiufungie malipo yako. Mimi niliwahi kumaliza tovuti yote, imepimwa, imepita, halafu mteja akaamua asubiri nembo mpya. Nembo ilikuja baada ya miezi saba. Kila nilipoandika nilijibiwa kwa adabu kabisa, na kwa mujibu wa karatasi hawakuwa wamekosea: hatua ilisema uzinduzi, na uzinduzi haukuwapo.

Siku hizi naandika: "siku ya uzinduzi, au siku 30 baada ya kukabidhi, lolote litakalotangulia." Na nusu nzima mwishoni ni nyingi mno. Asilimia 30 ianze mkataba ukisainiwa, 50 igawanywe kwenye hatua za katikati, 20 ndiyo ibaki mwisho. Mteja asiyetaka kutoa hata senti mwanzoni anakwambia jambo, msikilize.

Mteja hajatamka kuwa ameikubali kazi yangu, lakini naona anaitumia. Nidai?

Dai, na piga picha za skrini zenye tarehe leo hii, kabla hajaiondoa. Ila nguvu ya dai lako inategemea kama hati ina mstari unaosema kuitumia kazi kwenye shughuli zake ni sawa na kuikubali. Kama haina, unabaki kubishana na sheria ya nchi iliyotajwa kwenye mkataba, na wakili wa huko anaweza kugharimu kuliko ankara yenyewe. Safari ijayo weka mstari huo, pamoja na mwingine: haki za kazi zinahamia kwa mteja akishalipa, si akishakabidhiwa.

Tumekubaliana kwa simu na nimeshaanza. Hati naweza kuiomba baadaye?

Iombe leo, na uache kufanya kazi mpaka ije.