Maswali yenu: gizani, sokoni na barabarani

Mwalimu mmoja alituambia ubongoni kuna ramani. Ina maana ndani ya kichwa changu kuna sehemu iliyochorwa kama Dodoma, Jamatini hapa, Nkuhungu kule? (Msomaji, Nkuhungu)

Haikuchorwa hivyo. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, walipitisha waya nyembamba hadi kwenye hipokampasi ya panya, sehemu iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, kisha wakamwacha azunguke. Kulikuwa na seli iliyonyamaza karibu muda wote, ila panya akifika sehemu fulani ilitoa mapigo ya umeme mfululizo. Seli nyingine ilikuwa na sehemu yake nyingine. Ndizo zinazoitwa seli za mahali.

Sasa, seli ya mlangoni kwako na seli ya uani hazikai jirani ubongoni kwa sababu tu mlango na ua ni jirani. Zimechanganyika ovyo. Tena seli hutumika upya: ukihamia Chamwino, ile ya mlangoni yaweza kunyamaza kabisa au ikashika sehemu ya karibu na jiko. Habari ya ulipo inakaa katika kundi la seli zinazolia, yaani zinazotoa mapigo hayo, kwa wakati mmoja. Mtafiti anayesikiliza seli nyingi kwa pamoja anaweza kukadiria panya yuko wapi bila hata kumtazama.

Umeme ukikatika usiku natoka kitandani hadi jikoni bila kugonga kitu. Lakini nikikatiza uwanja wa mpira gizani, baada ya muda sijui niko wapi. Kwa nini? (Mama wa wawili, Kikuyu)

Kwa sababu nyumbani una kuta, mama. Uwanjani unabaki na hesabu peke yake, na hesabu hiyo ina kasoro.

Hufanyika hivi. Hipokampasi imepakana na sehemu nyingine ya ubongo iitwayo gamba la entorina, na huko ndiko May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao wa Trondheim, Norwe, walikoonyesha seli za gridi mwaka 2005. Seli ya mahali huwa na sehemu moja au chache ambapo hulia. Seli ya gridi ina nyingi, na ukizitia alama sakafuni unapata pembetatu zenye pande sawa zinazojirudia chumba kizima. Taa ikizimwa mpangilio huo haupotei mara moja, kwa kuwa hautegemei macho tu. Ubongo unapima kasi ya mwendo na upande unaoelekea, unajumlisha kidogo kidogo, na gridi inasogea nawe.

Gridi moja haitoshi kukuambia uko wapi. Tuseme, kwa namba za mfano tu, unatembea kwenye mstari ulionyooka kutoka kitandani. Seli ya kwanza inalia kila baada ya mita 3, ya pili kila baada ya mita 4. Ikilia ya kwanza peke yake, huenda uko mita ya 3, ya 6 au ya 9. Zikilia zote mbili, umefika mita ya 12. Ongeza ya tatu yenye nafasi nyingine na utaenda mbali zaidi kabla utata haujarudi. Panya ana makundi kadhaa ya namna hii: lenye gridi ndogo huacha takribani sentimita 30 kati ya alama na alama, mengine huzidi mita moja.

Kasoro iko kwenye kule kujumlisha. Ukikosea kidogo katika hatua moja, kosa hilo linabebwa hadi hatua inayofuata, nayo inaongeza lake. Utafiti wa panya uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba gridi huyumba zaidi kadiri muda unavyopita tangu mnyama akutane na ukuta, na akikutana nao hujirekebisha. Lakini hujirekebisha upande mmoja tu, na hapo ndipo ninapopapenda. Ukigusa ukuta wa mashariki, unajua upya umbali wako wa mashariki na magharibi. Kosa la kaskazini na kusini linabaki vilevile, hata ukiambaa na ukuta huo hadi uchoke, mpaka ufike kona.

Nyumbani kwako fremu ya mlango inafuta kosa, kisha kabati, kisha kona ya korido. Katikati ya uwanja hakuna kinachofuta chochote. Usiku ambaa na uzio hata kama njia inarefuka. Niongeze kwamba mengi ya haya yamepimwa kwa panya. Kwa binadamu, seli zenye tabia ya gridi zilinaswa mwaka 2013 kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa waya ubongoni kwa ajili ya matibabu.

Nikiingia Soko la Majengo kwa njia moja nikatokea nyingine, mji mzima unakuwa umegeuka. Ninapodhani ni mjini, kumbe ndiko nilikotoka. Nini kinaharibika? (Mfanyabiashara, Chang'ombe)

Hakuna kilichoharibika, ndugu. Kilichogeuka ni seli za mwelekeo wa kichwa. Kila moja hulia uso ukielekea upande wake. Hazisomi sumaku ya dunia; hutegemea sikio la ndani, linalohisi unavyogeuka, pamoja na alama unazoziona. Zaidi ya hapo hugeuka zote kwa pamoja, ndiyo maana unahisi si kichochoro kimoja kilichokosewa bali mji wote.

Ukipinda mara nyingi kati ya meza za nyanya na za dagaa, kosa la kugeuka linakua. Ukitoka, ubongo unatafuta alama ya kujipanga, na mara nyingi hushika umbo la eneo kwanza. Mwaka 1986 Ken Cheng alificha chakula kwenye kona ya boksi la mstatili, akamtoa panya na kumpotezea mwelekeo, kisha akamrudisha. Panya alitafuta kona sahihi, lakini karibu mara nyingi sawasawa alikwenda kona iliyo mkabala wake, ingawa kuta zilikuwa na alama za kuzitofautisha. Kwa umbo, kona hizo mbili hazina tofauti: zote zina ukuta mrefu kulia au zote kushoto. Jaribio la baadaye lilikuta ramani ya seli za mahali yenyewe imegeuka nusu duara pale panya alipokosea. Mtaa wenye maduka pande zote mbili unakufanyia hivyohivyo.

Usianze kutembea. Inua macho utafute kitu cha mbali, kilima cha Mlimwa kwa mfano. Alama za mbali hushika seli hizi vizuri kuliko za karibu, kwa kuwa hazihami ukisogea hatua mbili. Utahisi mji unarudi kwa mkupuo.

Bibi yetu ameanza kupotea njia ya shambani aliyoipita maisha yake yote. Ni uzee tu? (Mjukuu, Bahi)

Msimwachie uzee. Gamba la entorina ni kati ya sehemu za mwanzo kushambuliwa na Alzaima, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu, na kupotea njia ya kawaida huwa dalili ya mapema. Lakini maambukizi ya mkojo, dawa fulani au macho mabovu huleta hali hiyohiyo na hutibika. Mpelekeni hospitali mapema, na mweleze daktari lini ilianza.

Madereva wa teksi wa London eti ubongo wao hukua. Na sisi wa daladala? (Dereva, njia ya Nane Nane)

Samahani, kaka, wewe uko upande mwingine wa utafiti huo. Eleanor Maguire na wenzake walikuta mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, ya mbele ikiwa ndogo. Mwaka 2006 wakawalinganisha na madereva wa basi wa mji huohuo, wanaokaa barabarani vilevile ila kwa njia ileile kila siku. Tofauti ilibaki kwa wa teksi. Wao hukariri maelfu ya mitaa na kubuni njia mpya kwa kila abiria. Hapa kwetu anayewakaribia ni bodaboda anayeitwa Area D sasa hivi na Ipagala nusu saa baadaye, mradi asifuate simu.